Programu Moja ya Kuchati Haitoi Mlio: Jinsi ya Kuipata Chaneli Iliyonyamaza

Swali hili huja kwa maneno karibu yaleyale kila mara: "Simu ikipigwa inalia, SMS zinalia, barua pepe zinalia, lakini programu yangu ya kuchati inaingiza ujumbe kimyakimya. Nimebadilisha mlio mara tatu na bado." Leo ni WhatsApp, kesho ni Telegram au Signal. Yale maneno ya mwisho, ya kubadilisha mlio mara tatu, ndiyo yanayonionyesha mtu amekwama wapi. Ameenda kwenye mlio wa jumla wa simu, na mlio wa jumla hauiamrishi programu ile.

Mwongozo huu ni wa simu za Android kuanzia toleo la 8.0, lililotoka mwaka 2017, kwa sababu ndilo lililoleta chaneli za arifa. iPhone haina chaneli za namna hii. Huko unaingia `Settings`, kisha `Notifications`, unachagua programu na kuwasha `Sounds`, basi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye tatizo, ikiwa haijawekwa kwenye hali ya kimya wala ya mtetemo. Pandisha juu sauti ya arifa pia, si ya muziki peke yake.
- Mtu wa kukutumia ujumbe wa majaribio, au simu ya pili yenye namba nyingine. Ujumbe unaojitumia mwenyewe haufai kwa jaribio hili.
- Toleo la Android ulilonalo. Liko kwenye `About phone`. Kwa Samsung, ndani yake gusa `Software information`.
- Kama dakika kumi za utulivu.

Nitayataja maneno ya kwenye skrini kwa Kiingereza, maana ndivyo simu nyingi zilivyowekwa. Kama yako iko kwa Kiswahili utakutana na Arifa, Kimya na Usinisumbue. Watengenezaji wa simu hubadilisha majina kidogo, kwa hiyo neno lisipolingana herufi kwa herufi, tafuta lenye maana hiyohiyo.

Maelezo mafupi: kwa nini mlio wa jumla hausikilizwi

Kila programu ya kuchati imegawa arifa zake katika mafungu. Fungu moja ni la ujumbe wa mtu mmojammoja, jingine la makundi, jingine la simu zinazopigwa ndani ya programu, jingine la taarifa za kuhifadhi mazungumzo. Kila fungu ni chaneli. Kwenye skrini utaona pameandikwa `Notification categories`, au orodha tu ya majina yenye swichi pembeni. Usizichanganye na zile chaneli za kufuata habari na matangazo ndani ya Telegram au WhatsApp. Hizo ni kitu kingine kabisa, jina ndilo limegongana.

Kila chaneli ina ngazi yake na mlio wake. Ngazi ndiyo inayoamua kama arifa italia au itaingia kimya. Mlio ndio unaoamua italia kwa sauti gani. Mlio wa jumla unaouchagua kwenye `Sound & vibration` hutumika tu na chaneli ambayo haijachaguliwa mlio wake, yaani ile iliyoachwa kwenye sauti ya kawaida ya simu. Chaneli iliyowekwa kimya, au iliyopewa mlio mwingine, hata ubadilishe mlio wa jumla mara mia haitashtuka.

Kuna jambo moja zaidi la kulijua kabla hujagusa chochote. Programu ikishaunda chaneli, haina tena ruhusa ya kuuondoa ukimya uliouweka wewe au kukubadilishia mlio. Uamuzi ni wa mwenye simu. Ndiyo maana kuisasisha programu au kuizima na kuiwasha simu hakuondoi tatizo: simu inakutii, ila inatii agizo ambalo pengine ulilitoa bila kujua.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha arifa inaingia kweli. Toka kwenye programu kabisa, funga skrini, kisha mwambie mwenzako atume ujumbe. Ukiwa umeufungua mlango wa mazungumzo yaleyale, programu nyingi hazitoi mlio wa kawaida kwa makusudi, na watu wengi hukosea hapo wakadhani jaribio limeshindwa. Kama umeunganisha programu hiyo na kompyuta, ifunge huko kwanza, kwa sababu unapokuwa unaitumia kwenye kompyuta simu inaweza kunyamazishwa.

Sasa angalia. Arifa ikitokea bila sauti, uko mahali pake, endelea. Ikiwa haitokei hata kidogo mpaka ufungue programu, shida yako si mlio. Ruka hadi sehemu ya mwisho.

2. Tazama arifa imekaa wapi. Shusha pazia la arifa kutoka juu ya skrini, lakini usiifute arifa ile. Kwenye Android za kuanzia toleo la 10, arifa zisizo na sauti hukusanywa chini, mara nyingi chini ya kichwa kilichoandikwa `Silent`. Arifa yako ikiwa imekaa huko, umeshapata jibu nusu: ngazi ya chaneli imeshushwa. Ikiwa imekaa juu pamoja na zinazolia, ngazi ni nzima na kinachokosekana ni mlio wenyewe. Tofauti hiyo ishike, itakuongoza kwenye hatua ya 5 na ya 6.

3. Iingie chaneli kupitia arifa yenyewe. Bonyeza arifa ile na ushikilie kidole mpaka ifunguke. Utaona machaguo kama `Default` na `Silent`, na alama ya gia au neno `Settings`. Gusa gia. Njia hii naipenda kuliko zote kwa sababu huhitaji kukisia ni chaneli ipi kati ya kumi: unaanza na ile ile iliyoleta ujumbe.

Kama arifa umeshaifuta, pita njia ndefu: bonyeza na ushikilie aikoni ya programu, gusa `App info` au herufi ya i, kisha `Notifications`.

*Angalizo kwa wenye Samsung.* Kwenye matoleo mapya ya One UI orodha ya chaneli imefichwa tangu mwanzo. Utaingia kwenye arifa za programu na kukuta swichi chache tu, ukadhani simu yako haina chaneli. Nenda `Settings`, `Notifications`, `Advanced settings`, kisha washa `Manage notification categories for each app`. Ukirudi kwenye programu utakuta `Notification categories` imetokea.

4. Chagua chaneli sahihi. Soma majina polepole. Kwa WhatsApp, ujumbe wa mtu mmoja unapita `Message notifications` na wa makundi unapita `Group notifications`. Ziko pia nyingine kama `Chat history backup` na `Silent notifications`. Hizo ziache zilivyo. Hasa hiyo ya mwisho, imeundwa iwe kimya kwa kazi zake, na nimeona watu wakihangaika kuipa mlio halafu wanashangaa ujumbe haulii.

Gusa jina lenyewe la chaneli, si swichi iliyo pembeni yake. Swichi inaizima chaneli yote, na ukiizima hutaona hata arifa.

5. Rudisha ngazi. Ndani ya chaneli utakuta `Default` (kwa baadhi ya simu `Alerting` au `Allow sound`) na `Silent`. Chagua ile inayoruhusu sauti. Ukitaka ujumbe uchungulie juu ya skrini wakati unafanya kazi nyingine, washa na `Pop on screen`. Hiyo ni hiari na haihusiani na kulia.

6. Tazama mlio wa chaneli. Katika ukurasa huohuo gusa `Sound`. Wakati ngazi iko `Silent`, simu nyingi huficha mstari huu, ndiyo sababu ngazi inatangulia. Utakuta moja ya mambo matatu.

Pakiwa na `None`, chaneli inaruhusiwa kulia lakini haina cha kuliza. Hii ndiyo hali inayowasumbua wengi zaidi, kwa kuwa kila swichi inaonekana imewashwa. Chagua mlio wowote, au chagua sauti ya kawaida ya simu.

Pakiwa na jina la wimbo au mlio uliowahi kuupakua mwenyewe, jiulize kama faili lile bado lipo. Ulipolifuta wakati wa kupunguza nafasi, au ulipochomoa kadi ya kumbukumbu, chaneli ilibaki inaelekeza kwenye kitu ambacho hakipo, na simu inaweza kukaa kimya badala ya kukupigia mlio mwingine. Chagua mlio mmojawapo wa ndani ya simu kwanza, jaribu, ndipo urudishe wimbo wako ukitaka.

Pakiwa na sauti ya kawaida ya simu, chaneli hii ndiyo inayofuata mlio wa jumla. Nenda `Sound & vibration`, angalia kama mlio wa jumla wa arifa nao haujawekwa `None`.

7. Kagua mtu mmojammoja. Kuanzia Android 11 kila mazungumzo yanaweza kuwa na setingi zake chini ya chaneli kubwa. Kwa hiyo `Message notifications` inaweza kuwa nzima, na bado ujumbe wa mtu mmoja tu ukaingia kimya. Nenda `Settings`, `Notifications`, `Conversations`, mtafute mtu huyo, na uone kama amewekwa `Silent`. Mrudishe `Default`. Kama hayumo kwenye orodha hiyo, fungua mazungumzo yake ndani ya programu na uangalie kama hukumnyamazisha kwa `Mute`. Kunyamazisha huko hakuhusiani na chaneli. Ni amri ya programu yenyewe.

8. Jaribu tena kama mwanzo. Toka, funga skrini, pokea ujumbe. Fanya jaribio kwa ujumbe wa mtu mmoja na kwa wa kundi, kwa sababu ni chaneli mbili tofauti.

Mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho

Shemeji yangu alinipa simu yake akilalamika kwamba amekosa ujumbe wa kazini wiki nzima. "Nimebadilisha mlio mpaka nimechoka," akaniambia, "na ukiubonyeza hapo unalia vizuri tu." Na kweli, kwenye mlio wa jumla kila ulipogusa jina ulisikia sauti. Ila pale simu inakuonjesha mlio tu. Haijaribu chaneli yoyote.

Nilimwomba afunge skrini, nikamtumia ujumbe. Skrini ikawaka, kimya. Nikaandika kwenye kundi la familia tuliomo sote wawili: simu ikalia. Hapo tayari palikuwa na habari kubwa. Programu ina ruhusa, sauti iko juu, chaneli ya makundi ni nzima. Kilichobaki ni chaneli ya ujumbe wa mtu mmoja.

Niliposhusha pazia, ujumbe wangu ulikuwa chini kabisa, chini ya `Silent`. Nikaushikilia kwa kidole, nikagusa gia. Chaneli ya ujumbe ilikuwa `Silent`. Nikairudisha `Default`, na mstari wa `Sound` ukajitokeza. Nikaugusa: `None`. Kwa hiyo yalikuwepo makufuli mawili juu ya mlango mmoja. Ningeishia kwenye ngazi peke yake, arifa ingepanda juu ya pazia lakini isingelia, na shemeji angesema nimeshindwa.

Tulipoulizana, akakumbuka kwamba usiku mmoja ujumbe ulimsumbua mno, akaushikilia kwa kidole na kugusa neno la kwanza lililomfaa. Alidhani ananyamazisha ujumbe ule mmoja. Kumbe alinyamazisha chaneli yote. Lile la `None` hakulikumbuka, huenda alilichagua asubuhi yake akiwa anatafutatafuta. Tulichagua mlio, nikatuma ujumbe tena, ukalia. Kazi yote haikufika dakika tano, na muda mwingi ulikwenda kwenye kusoma majina.

Makosa yanayorudiwa sana

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kuifuta programu na kuipakua upya. Ni kweli, kuiondoa programu huondoa chaneli zake. Lakini mtu ambaye hajahifadhi mazungumzo yake hupoteza ujumbe na picha za miaka kwa ajili ya swichi moja. Isitoshe, simu ikikurudishia nakala ya setingi za zamani, ukimya unaweza kurudi nayo. Usifanye hivyo kabla ya kumaliza hatua zote hapo juu, na kama umelazimika, hifadhi nakala ya mazungumzo kwanza na uhakikishe imekamilika.

La pili ni kubadilisha vitu vingi kwa mpigo. Mtu anapindua swichi sita, mlio unarudi, lakini sasa hata taarifa za kutuma picha zinapiga kelele na hajui arudishe ipi. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine.

Tena kuna wanaoweka mlio ndani ya programu yenyewe na kusahau upande wa simu. Programu nyingi zina ukurasa wao wa `Notifications` wenye mlio pia. Ukichagua mlio humo, ingia kwenye chaneli upande wa simu uone kama umeandikika. Kinachosomeka kwenye chaneli ndicho kitakachosikika.

Kama bado haijalia

*Arifa hazitokei kabisa mpaka nifungue programu.* Kwenye ukurasa wa arifa za programu, swichi kubwa ya juu iwe imewashwa. Kuanzia Android 13 programu lazima iombe ruhusa ya kuonyesha arifa, na ukigusa kukataa siku ya kwanza, hakuna chaneli itakayofanya kazi. Ruhusa ikiwepo na arifa bado zinachelewa, angalia matumizi ya betri ya programu hiyo: ikiwekewa kizuizi cha kufanya kazi wakati skrini imefungwa, ujumbe husubiri mpaka uifungue.

*Inalia mchana, usiku inanyamaza, lakini programu nyingine zinalia hata usiku.* Hiyo ni `Do Not Disturb` yenye ratiba, na zile programu nyingine zimeandikwa kwenye orodha ya zilizoruhusiwa. Ongeza programu yako kwenye orodha hiyo, au ingia kwenye chaneli yake na uwashe `Override Do Not Disturb`. Mimi napendelea hiyo ya pili, kwa kuwa unaweza kuruhusu ujumbe wa mtu mmojammoja upite na makundi yakabaki nje.

*Nina nakala mbili za programu kwenye simu moja.* Kila nakala ina chaneli zake. Kutengeneza ya kwanza hakugusi ya pili. Rudia hatua ya 3 kwa kutumia arifa iliyoletwa na nakala ile isiyolia.

*Ujumbe wa kwanza unalia, unaofuata kutoka kwa mtu yuleyule haulii.* Mara nyingi programu imeamua kutopiga mlio kwa kila mstari mtu anapoandika mfululizo. Subiri dakika chache, futa arifa ya kwanza, kisha jaribu. Ukilia, hakuna kilichoharibika.

*Nimepita kila chaneli na sijui tena nilibadilisha nini.* Ndani ya WhatsApp fungua `Settings`, `Notifications`, gusa nukta tatu za juu na uchague `Reset notification settings`. Ndani ya Telegram iko mwisho wa `Notifications and Sounds`, imeandikwa `Reset All Notifications`. Ujue tu kwamba milio yote maalumu uliyowawekea watu wako itafutika, kwa hiyo andika pembeni ile unayoitaka kabla hujagusa. Ukimaliza, rudi kwenye chaneli ya ujumbe upande wa simu na usome ngazi na mlio kwa macho yako, kisha rudia jaribio la hatua ya 8.